Mbona mwenzangu kalipa kidogo? Maswali ya bei za vyumba kwa wenzetu wa risepsheni

Hii ni kwa ajili yenu mnaosimama kaunta, maana mimi nikishabadilisha bei narudi zangu ofisini na ninyi ndo mnabaki na mgeni usoni. Nimekusanya maswali ambayo mmekuwa mnaniuliza kwenye grupu na yale ambayo wageni wanawauliza ninyi. Bei zilizomo humu ni za kwetu, vyumba vyetu 20 vya dabo hapa Bagamoyo, watu wawili na chai ya asubuhi na VAT imo ndani, kwaiyo mtu wa hoteli nyingine akisoma achukue mantiki asichukue namba.

Kwani bei yetu halisi ya chumba ni ngapi?

Hapa ndo wengi mnakwama, mnatafuta bei moja "ya kweli" alafu nyingine zote mnaziona ni diskaunti au ni kupandishiwa. Hamna bei moja. Tuna ngazi nne, ya kwanza ni 95,000, ya pili 115,000, ya tatu 135,000 na ya nne 160,000. Usiku mmoja unaanza kuuzwa ukiwa ngazi ya kwanza na unapanda kadri vyumba vya usiku huo vinavyopungua. Vikishauzwa 8 tunaingia ya pili, vikifika 14 ya tatu, vikifika 18 ya nne, pale vimebaki viwili tu.

Muangalie neno "usiku huo". Kila usiku una hesabu yake. Jumamosi inaweza kuwa ngazi ya nne na Jumapili yake ipo ya kwanza, ndo maana mgeni anayelala siku mbili anaona bei mbili kwenye bili moja na anashtuka. Mwambieni mapema wakati wa kucheki in, sio wakati anatoka na begi mkononi.

Nani anabadilisha, sistimu au mtu?

Vyote. Sistimu inapandisha ngazi yenyewe vyumba vikifika idadi niliyosema, ila mimi au meneja tunaweza kuiwahi. Mfano wikiendi ya tamasha la TaSUBa hatusubiri vyumba 14 viuzwe, tunajua vitauzwa, tunafungua moja kwa moja ngazi ya tatu. Na kinyume chake pia kipo, katikati ya wiki mwezi wa nne mvua za masika zikiwa zimeshika, tuna bei ya masika 80,000 ambayo ipo chini ya ngazi ya kwanza, na hiyo ndo sakafu yetu, chini ya hapo hatuuzi bila meneja kusaini.

Wageni wawili wamekutana kwenye chai, mmoja kalipa 95,000 na mwingine 160,000, chumba kile kile. Imekuaje?

Hili nalichukulia muda maana ukilielewa hili moja mengine yote yanajielezea. Tuchukue Jumamosi moja ya kawaida, haina sikukuu haina nini.

Wiki tano kabla, mama mmoja wa Dar kapiga simu. Wakati huo Jumamosi ile imeshauzwa vyumba vinne tu. Kapewa ngazi ya kwanza, 95,000, na katuma advansi nusu kwa lipa namba, yaani 47,500, na kakubali kwamba akikanseli ndani ya siku saba za mwisho ile advansi hairudi. Sasa tuna vyumba vitano.

Wiki tatu kabla, taasisi moja ya Dar imethibitisha semina, Ijumaa mpaka Jumapili, vyumba 9. Mnajua wenyewe semina zinavyokuja Bagamoyo, mji upo kama kilomita 70 tu toka Dar, karibu ila sio karibu kiasi cha watu kurudi nyumbani jioni. Tano na tisa ni 14. Kwa siku moja tu usiku ule umeruka kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, ya pili haikuguswa kabisa. Mgeni aliyeangalia Jumatatu akaona 95,000 akasema nitabuku kesho, kesho yake anakuta 135,000, na anaamini kabisa kwamba sistimu ilimuona anachungulia ikampandishia. Haikumuona. Ni semina imeingia.

Wiki mbili kabla, kijana mmoja kabuku kwa Booking.com, 135,000, na haki ya kukanseli bure mpaka siku moja kabla. Hapo sisi tunakatwa komisheni asilimia 15, yaani 20,250, inabaki 114,750.

Baada ya hapo vikauzwa vingine vitatu, tukafika 18. Jumamosi saa nane mchana anaingia baba na mkewe, hawajabuku, wametoka kutembea Kaole wameona jioni inakaribia bora walale. Vimebaki vyumba viwili. Ngazi ya nne, 160,000. Wakalipa, wakapanda juu.

Jumapili asubuhi mama wa Dar na huyu baba wanakaa meza moja wanapiga stori, bei zinatajwa, na baba anakuja kaunta kavimba. Tofauti ni 65,000 na chapati ni zile zile.

Sasa tofauti imetoka wapi? Mama katufunga sisi na yeye mwenyewe, kaweka hela yake wiki tano kabla, mtoto angeumwa ingekula kwake. Kijana kalipa zaidi kidogo ila angeweza kutuacha kwenye mataa mpaka siku moja kabla. Baba hakubeba risiki yoyote, angekuta tumejaa angeenda mlango wa pili, na alikuta chumba kwa sababu tulikuwa bado tuna viwili. Kila mmoja, saa ile aliyouliza, mtu yeyote mwingine angeuliza na yeye angeambiwa bei hiyo hiyo. Hilo ndo la kushika.

Sawa, sasa baba yupo mbele yangu. Namwambia nini?

Kwanza jueni anachouliza. Anasema "mbona bei tofauti" ila swali lenyewe ni "mmenionea?" Ukianza kumpa somo la vyumba 14 na ngazi ya tatu anaona unamzungusha. Mjibu lile swali la ndani. Kitu kama hiki:

"Shikamoo baba, samahani kwa usumbufu. Bei zetu zinaenda na tarehe na jinsi vyumba vilivyobaki. Jana mlipofika tulikuwa na viwili vya mwisho, na yeyote ambaye angefika saa ile bei ilikuwa hiyo hiyo. Wanaobuku wiki kadhaa kabla na kulipa advansi isiyorudi wanapata ya chini. Mkipanga kurudi nipigieni mapema, nitawaangalizia siku yenye bei nzuri."

Basi. Sentensi tano. Imesema sababu, imesema hakuna aliyebaguliwa, imesema na yeye anaipataje. Akitaka maelezo zaidi mpe, asipotaka usiongeze, wengine mkiogopa kimya mnaanza kujieleza mpaka mnaharibu.

Mnaoniuliza kuhusu mfano wa kumpa: tiketi ya ndege unafaa, karibu kila mtu anajua ya mwezi ujao na ya kesho hazilingani. Ila msiguse nauli ya basi jamani, nauli za mabasi zinapangwa na LATRA, mgeni atakwambia "mbona basi la Dar nauli ni moja kwa wote" na hapo umejifunga goli mwenyewe.

Vitu gani nisiseme?

"Ni sistimu ndo imeamua." Hii ndo mbaya kuliko zote na ndo naisikia kila siku. Mgeni anaelewa kwamba hamna binadamu anayejua kwanini kalipa hela yake. Sistimu inafuata sheria tulizoiwekea sisi, kwaiyo sema "sisi tunapanga hivi".

Usiseme bei ya mgeni mwingine, hata kama yeye kaitaja. Akisema "yule mama kalipa 95" usithibitishe wala usikatae, elezea utaratibu tu. Na usimwambie gharama zetu, umeme, jenereta, mishahara, hayo ni ya kwetu na yeye hayamhusu. Kweli Jumamosi zinabeba zile Jumatano za masika tunazolala na vyumba sita, lakini ukimwambia mgeni hivo anasikia kwamba yeye ndo analipia Jumatano ya watu wengine.

Lingine, usiseme "hiyo ni bei ya ofa imeisha" kama hakukuwa na ofa. Ngazi ya kwanza sio ofa, ni bei kama zingine.

Mgeni kasimama kaunta, ananionyesha simu, kule bei ni ndogo kuliko niliyomtajia. Nifanyeje?

Usibishane na skrini. Mwambie "naomba tuiangalie pamoja" na muangalie kwa utaratibu huu: tarehe ni ya leo kweli? Watu ni wawili au kaacha mmoja? Chai imo? Kodi imo, au kuna kimstari chini kinasema itaongezwa? Hela inarudi akikanseli au hairudi? Mara nyingi sana jibu linatokea hapo hapo, unakuta kaangalia Jumatatu, au bei ya mtu mmoja bila chai, na mgeni mwenyewe anacheka.

Ikiwa vyote vinalingana na bado simu iko chini, angalia kama ameingia kwa akaunti yake na kuna alama ya Genius. Hiyo ni diskaunti ya wateja wa Booking.com, inaanzia asilimia 10, na sisi ndo tunaitoa mfukoni, hawaitoi wao. Tuseme siku hiyo tuko ngazi ya tatu, 135,000. Genius ya asilimia 10 inaishusha mpaka 121,500. Akibuku hapo hapo mbele yako kwa simu, tunakatwa komisheni asilimia 15 ya hiyo 121,500, ni 18,225, kwetu inafika 103,275.

Sasa fikiria. Ukikaza kwamba hapa ni 135,000, anarudi nyuma hatua mbili anabonyeza, tunapata 103,275. Ukimwambia "nakupa hiyo hiyo 121,500 hapa hapa" tunapata yote 121,500. Kwaiyo mna ruhusa, bila kuuliza mtu, kumlinganishia mgeni aliyesimama kaunta na bei anayoiona kwa simu, masharti yakiwa yale yale. Piga picha ile skrini, andika kwenye maelezo ya bukingi "kalinganishiwa bei ya simu", toa risiti ya EFD kwa kiasi alicholipa. Tafadhali msije mkamwambia mgeni "basi buku kwa simu", hiyo inaniuma roho.

Ila ukiona simu inaonyesha bei ya chini ambayo haina Genius, haina chochote, na tovuti huijui, nitumie picha saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa kuna mtu anauza upya vyumba tulivyompa kwa bei ya makampuni, au intaneti ilikatika na bei yetu mpya haijafika kule. Hiyo ya pili utaigundua ukilinganisha vyumba vilivyobaki: sistimu yetu inasema viwili, kule inaonyesha sita. Hapo tatizo sio bei tena, tunaweza kuuza chumba kimoja mara mbili, kwaiyo nipigie usinitumie meseji.

Kabuku kwa 135,000, leo kaangalia tena anaona 115,000. Anataka tofauti yake.

Hii inatokea hasa semina ikipunguza watu. Wamesema 9, siku kumi kabla wanasema tunakuja wanne, vyumba vitano vinarudi sokoni na ngazi inashuka. Kwa jinsi tulivyokubaliana nao wanatakiwa watuambie siku 14 kabla ila mnawajua, barua inakuja ikiwa imechelewa na sahihi tatu.

Swali la kujiuliza ni moja, bukingi yake inaruhusu kukanseli bure bado? Kama inaruhusu, hana haja ya kuomba, anaweza kukanseli na kubuku upya kwa 115,000 dakika hii. Kwaiyo msaidie, kama kabuku kwetu moja kwa moja mbadilishie bei na umtumie uthibitisho mpya. Kumkatalia ni kumlazimisha afanye mizunguko alafu afike akiwa na kinyongo. Akiwa kabuku kupitia Booking.com mabadiliko ayafanye kule kule, na abuku ile mpya kwanza ndo akanseli ya zamani, asije akabaki hana chumba.

Kama kalipa ile ya advansi isiyorudi, hapana, haishuki. Alishapata ya chini kuliko wenzie siku aliyolipa. Mwambie kwa upole kwamba ingepanda pia tusingemdai nyongeza. Wengi wanaelewa hapo. Asiyeelewa, una ruhusa ya kumpa chekiauti ya saa nane badala ya saa nne kama chumba hakina mtu anayeingia, hiyo haitugharimu kitu.

Saa tatu usiku, vyumba vitupu tisa, dereva anasema nipe kwa 50,000 la sivyo vinalala tupu. Si ana hoja?

Ana hoja nusu. Chumba cha leo kisipouzwa leo kesho hukiuzi tena, ni kweli. Na kumlaza mtu kunatugharimu kama 30,000 hivi, laundri, sabuni, maji, umeme wa eisii na chai mbili, kwaiyo kwa 50,000 kwenye karatasi tungebaki na kitu.

Nusu nyingine ni hii. Wanaopita njia hii wanajuana na wanapigiana simu. Ukimpa kwa 50,000 leo, wiki ijayo hutaona mtu kabla ya saa tatu usiku, wote watakaa barabarani wanasubiri, na wale ambao wangelipa bei ya siku saa kumi jioni umewapoteza. Tena yule aliyelipa 95,000 amekaa pale kwenye kiti anaangalia mpira na anasikia kila neno.

Kwaiyo baada ya saa tatu usiku, vyumba vitupu vikizidi vitano, mnaruhusiwa kushuka ngazi moja, na kama tuko ngazi ya kwanza mnaruhusiwa kwenda mpaka sakafu ya 80,000. Hapo mwisho. Na mkishuka muondoe kitu, bei bila chai kwa mfano, ili kama mtu akiuliza kuwe na sababu inayoonekana. Andika sababu kwenye bukingi, maana asubuhi naona diskaunti nne hazina maelezo alafu naambiwa "ni zamu ya usiku", zamu ya usiku ni nani?

Kaja saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumapili. Simu yake inasema 95,000, sistimu yetu inasema 160,000.

Hapa wote wawili wako sahihi. Simu imeshahamia tarehe mpya, inamuonyesha usiku wa Jumapili kwenda Jumatatu. Sistimu yetu bado ipo Jumamosi mpaka mtu wa zamu afunge siku, na chumba anachotaka kulala sasa hivi ni cha Jumamosi. Usikimbilie kufunga siku ili umpatie 95,000, ukifanya hivo umemuuzia usiku wa kesho, atatakiwa kuwepo mpaka Jumatatu na hesabu ya Jumamosi inaonyesha chumba kilikuwa kitupu wakati mtu kalala.

Mwambie: "Kaka, hiyo ni ya kesho usiku. Ukilala sasa na kutoka kesho saa nne asubuhi ni usiku wa leo." Alafu ile ruhusa ya kushuka ngazi itumie tu kama vyumba vitupu vinazidi vitano. Na akibuku kwa simu ile ya Jumapili akiwa pale pale kaunta, msimkaribishe kimya kimya mkidhani mtarekebisha baadae, haitarekebishika.

Idd je? Mgeni anasema alilipa bei ya Idd na Idd yenyewe ikawa kesho yake.

Mwezi hatuupangi sisi. Kwa Idd el-Fitri tunafungua ngazi ya juu kwa siku mbili ambazo zinaweza kuwa sikukuu, na usiku mmoja wapo huwa unaishia kuwa wa kawaida, hilo tunalijua toka mwanzo. Sheria yetu ni kwamba aliyebuku kwa ajili ya sikukuu anahamishiwa siku inayofuata bila nyongeza, mwezi ukiandama tofauti, hata kama bukingi yake ni ile isiyorudi. Kama hakuna nafasi ya kuhamia na ameamua kulala ule usiku wa kwanza, mrudishieni tofauti mpaka bei ya siku ya kawaida. Anzeni kupanga usiku ule ule tangazo la mwezi likitoka, msisubiri asubuhi, maana simu zitaanza kuita dakika ile ile.

Pasaka, Krismasi na mwaka mpya hazina shida hiyo, tarehe zinajulikana, kwaiyo hakuna mazungumzo.

Mzungu anauliza kama kalipishwa zaidi kwa sababu ni mzungu.

Jibu linatakiwa liwe hapana, na iwe kweli hapana. Ngazi nne ni za kila mtu. Tuna bei ya mkazi, ambayo ni asilimia 10 chini, na inaenda na kitambulisho: NIDA, leseni, au kibali cha ukaazi. Mzungu anayefanya kazi Dar na kibali chake mkononi anapata. Mtanzania anayeishi nje akaja na pasipoti tu, kwa maandishi hapati, ingawa mimi ningemuita meneja, hamna sababu ya kumuudhi mtu kwao. Kinachokatazwa ni kukadiria kwa kuangalia sura au kusikiliza lafudhi. Uliza kitambulisho kwa kila mtu, hata mzee unayemjua.

Akitaka bei kwa dola, tunataja na kuandika kwa shilingi, kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka hivo. Namba ya dola anayoiona kwenye simu ni ya kubadilishia tu, kesho inaweza kusogea bila sisi kugusa kitu, na hapo pia watu wanasema tumepandisha.

Semina wanalipa 100,000 na sisi tunamwambia mtu 160,000 usiku huo huo. Hiyo nayo tunaielezaje?

Kwa mgeni, hatuielezi, ni mkataba wa taasisi. Kwenu ninyi: wamechukua vyumba 9 kwa usiku mbili, wamechukua ukumbi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, na wametupa barua mapema. Hizo 100,000 sio bei ya chumba peke yake. Tatizo linakuja mshiriki mmoja anapoleta mkewe na kutaka chumba cha pili kwa bei ya semina. Jibu ni bei ya siku, isipokuwa kama jina lipo kwenye orodha ya taasisi.

"Mwezi wa tano nililala hapa kwa 80,000, leo 135,000, mmejenga nini kipya?"

Hahaha, hili mnalipenda kunitumia. Mwezi wa tano ilikuwa masika, tulikuwa tunagombania wageni. Mwambie ukweli huo, "mwezi wa tano ni msimu wa mvua bei zinakuwa chini, leo ni wikiendi na tumekaribia kujaa", na mwangalizie Jumatano ya wiki ijayo hapo hapo kwenye skrini. Wengi hawabadilishi siku, ila wakishaona kwa macho kwamba bei ndogo ipo na ni wao waliochagua Jumamosi, hasira inapungua.

Akiamua kuondoka kwa sababu ya bei?

Muache aende vizuri, mpe namba ya risepsheni. Alafu andika kwenye daftari la kaunta: saa ngapi, usiku gani, bei uliyomtajia, na kama alisema anatafuta ya ngapi. Usiandike jina wala namba yake ya simu. Hiyo daftari naipitia kila Jumatatu kabla ya kikao cha bei, na nikikuta Jumamosi tumekataa watu wanne kwa 160,000 na vile vyumba viwili vikalala vitupu, ngazi ya nne ya wiki inayofuata naishusha. Bila daftari naona tu kwamba havikuuzwa, sijui kama ni bei au ni kwamba hakuna aliyeuliza.